Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usalama wa chakula: moto peke yake hausafishi korosho

Kwenu mnaosimamia usalama wa chakula, na kwenu mnaotoa leseni, mafunzo na vipeperushi kwa wabanguaji wadogo wa korosho,

Nawasalimu kwa heshima. Nimefanya kazi kwenye meza ya kubangua korosho, na baadaye nikasimamia meza ya uchambuzi, pale ambapo korosho hupita mikononi mwa mtu kwa mara ya mwisho kabla ya kufungwa. Ninaandika kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimeikuta tena na tena kwenye maelekezo ya watu wanaopata korosho zikiwa bado ndani ya maganda yake: "Zikaangwe vizuri kabla ya kuliwa." Sentensi hiyo haina uongo. Lakini imeacha nusu ya jambo, na nusu hiyo iliyoachwa ndiyo inayounguza watu.

Mtu akiisoma ataelewa kwamba ndani ya korosho kuna sumu, na kwamba moto unaiua sumu hiyo kama unavyoua vijidudu kwenye nyama. Ataweka kikaango motoni, atamimina korosho na maganda yake, atasubiri zibadilike rangi, kisha atazipasua kwa jiwe na kula. Atakuwa ametii kila neno la maelekezo, na bado atakuwa amejipaka mafuta makali vidoleni, amevuta moshi wake, na pengine amekula vipande vya ganda vilivyogandamana na kiini.

Ukweli ni kwamba tatizo haliko kwenye kiini tunachokula. Liko kwenye ganda. Na kazi yote ya kuandaa korosho, tangu inapotoka juani hadi inapoingia kwenye pakiti, ni kazi ya kuyatenga mafuta ya ganda na kiini yasikutane. Joto linasaidia kazi hiyo, wala haliwezi kuifanya peke yake.

Mtu akitaka kuona kwa macho yake, achukue korosho ghafi moja iliyokauka vizuri, avae glavu na miwani, aikate katikati kwa mkasi wa kubangulia. Nje ataona ngozi laini ya kijivu au kahawia, ngumu kama ngozi iliyokauka. Ndani kabisa, upande wa kiini, kuna ukuta mwembamba mgumu. Katikati ya hizo mbili kuna tabaka lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kila kitundu kimejaa kioevu kizito cha rangi ya kahawia. Ukibana ganda kidogo, kinachuruzika. Hayo ndiyo mafuta ya ganda la korosho. Kwa uzito, huwa takriban robo ya korosho nzima au pungufu kidogo, kwa hiyo si tone la kupuuzwa. Kiini kipo hatua ndogo tu kutoka hapo, kimefunikwa na utando mwekundu wa kahawia, mwembamba kuliko karatasi. Utando huo nitaurudia, kwa sababu una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mafuta hayo yana viambato vitatu vikuu. Kilicho kingi zaidi ni asidi ya anakadi, kinafuata kadoli, na kadanoli huwa kidogo. Vyote ni ndugu wa karibu wa urushioli, kile kiambato kinachowasha kwenye utomvu wa mimea mingine ya ukoo huohuo wa mkorosho. Ukoo huo ndio wenye mwembe pia, na ndiyo maana watu wengine huwashwa midomo wakimenya embe kwa meno.

Hapa ndipo kwenye kosa la "kaanga vizuri". Joto kali likipita kwenye mafuta haya, asidi ya anakadi hupoteza hewa ya kaboni na kugeuka kadanoli, ambayo ukali wake ni mdogo. Hilo ni badiliko la kweli na lina faida. Lakini kadoli haiondoki kwa njia hiyo. Mafuta yaliyokusanywa baada ya korosho kupitishwa kwenye joto la nyuzi 190 bado yana kadoli ya kutosha kuunguza ngozi. Kwa hiyo hata ganda lililokaangwa hadi likawa jeusi linabaki kuwa kitu kisichofaa kuwekwa mdomoni. Na korosho zilizopikwa kwa mvuke, ambao hauna joto la kiwango hicho, zinabaki na sehemu kubwa ya mafuta yao ndani ya ganda, yakiwa na ukali uleule.

Mwili hudhurika kwa njia mbili, na naomba vipeperushi vyenu vizitenganishe, maana wazazi na hata wahudumu wa zahanati huzichanganya. Ya kwanza ni kuungua kwa moja kwa moja. Mafuta yakirukia ngozi, hasa ngozi laini ya mdomo, macho au katikati ya vidole, huibabua. Ngozi huwa nyeusi, hubambuka, na wakati mwingine hutoka malengelenge. Hili linampata mtu yeyote, hata kama hajawahi kugusa korosho maishani.

Ya pili ni mzio wa ngozi unaochelewa. Mara ya kwanza mwili unapokutana na viambato hivi unaweza usionyeshe kitu, lakini unavikariri. Mara nyingine vikirudi, hata kwa kiasi kidogo, askari wa mwili huvishambulia, na upele wenye muwasho mkali hutokea baada ya siku moja, mbili au zaidi. Kuchelewa huko ndiko kunakopoteza ushahidi. Mtu amekula korosho Jumamosi, anaanza kujikuna Jumatatu, anamlaumu mdudu, sabuni mpya au nguo.

Kuna tukio moja lililochunguzwa vizuri ambalo ningependa kila mkaguzi alijue. Mwezi Aprili 1982, huko Pennsylvania nchini Marekani, klabu ya besiboli ya watoto iliuza pakiti za korosho ili kuchangisha fedha. Korosho zenyewe zilikuwa zimetoka Msumbiji. Hazikuwa za maganda. Zilikuwa viini vilivyokwisha kubanguliwa na kufungwa, vya kuliwa moja kwa moja. Watu 54 walipata upele wenye muwasho, kati ya siku moja na siku nane baada ya kula. Upele haukukaa mikononi tu, ulienea miguuni, kiwiliwilini, kwapani na kwenye nyonga. Wachache walipata malengelenge mdomoni, na wengine muwasho kwenye njia ya haja kubwa. Taarifa ya tukio hilo ilitolewa mwaka 1983 na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa.

Fikirini wachunguzi walivyolazimika kulifumbua. Kama ingekuwa ni mzio wa kiini cha korosho, ule wa ghafla, watu wangeugua ndani ya dakika chache hadi saa mbili tangu kula, wangevimba midomo, wangebanwa pumzi. Haikuwa hivyo. Kama ingekuwa chakula kimeoza, wangeharisha na kutapika usiku uleule. Haikuwa hivyo pia. Upele uliochelewa siku kadhaa, unaofanana na ule wa mtu aliyegusa mmea mtambaa wenye urushioli unaoota porini huko, ulielekeza kidole kwenye mafuta ya ganda. Na pakiti zilipofunguliwa, baadhi zilikutwa na vipande vya maganda vilivyochanganyika na viini.

Vipande vya ganda tu, ndani ya pakiti. Viini havikuwa vibichi, wala hakuna aliyekosea kukaanga nyumbani. Kilichokosekana ni kutenganisha. Ganda lililovunjika lilifuatana na kiini, na mafuta yake yakawafikia walaji. Muwasho wa huko nyuma ya mwili unaeleza safari nzima: kitu kiliingia mdomoni, kikapita tumboni kikiwa bado na ukali, kikatoka. Na upele wa kwapani na nyonga unaonyesha kwamba kwa mtu ambaye mwili wake umeshavikariri viambato hivi, haihitaji agusane navyo kwa ngozi, kuvimeza kunatosha.

Nimelitumia tukio hili kufundisha wachambuzi, na kila mara swali lao la kwanza huwa zuri: sasa ni hatua gani iliyowaangusha? Siwezi kusema kuhusu kiwanda kile. Ninachoweza ni kuwaonyesha mahali ambapo mafuta na kiini hukaribiana, na mahali ambapo mkaguzi wenu anapaswa kusimama.

Mwanzo ni juani. Korosho ghafi hukaushwa hadi unyevu wake ushuke kufikia asilimia 8 au 9 hivi, mpaka ukiitikisa sikioni usikie kiini kikigonga ukuta. Watu hudhani kukausha ni kwa ajili ya kuzuia ukungu peke yake. Ni kweli ukungu ni hatari, lakini kuna sababu ya pili: kiini kilichokauka husinyaa na kuachana na ganda. Kiini kilicholowa hushikamana na ukuta, na chochote kinachoshikamana kitachanika wakati wa kubangua.

Kisha korosho hupangwa kwa ukubwa. Hatua hii inaonekana ya kibiashara, na nimewahi kuwasikia wabanguaji wadogo wakiiruka ili kuokoa muda. Lakini visu vya mashine ya kubangulia vimetengenezwa kufuata umbo la korosho la ukubwa fulani. Visu vinakata ganda tu na kuishia kabla ya kiini. Ukiweka korosho ndogo kwenye visu vya korosho kubwa, ganda linapondeka badala ya kukatika. Ukiweka kubwa kwenye visu vya ndogo, kisu kinapita kwenye tabaka la mafuta, kinaingia moja kwa moja kwenye kiini, na kinaacha mstari wa kahawia juu ya nyama nyeupe. Kiini hicho kimepakwa mafuta ya ganda kwa kisu chenyewe.

Baada ya hapo ndipo joto linapoingia, na kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni mvuke wa boila. Korosho hupigwa mvuke wenye shinikizo kwa dakika kadhaa, muda ukitegemea ukubwa wake na hali ya boila, halafu hutandazwa zipoe, mara nyingi hadi kesho yake. Zikipoa, ganda hukatika kwa usafi na kiini hulegea. Ya pili ni kuzitumbukiza korosho kwenye beseni la mafuta yaleyale ya ganda yaliyochemshwa kwa nyuzi kati ya 190 na 200, kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Vitundu vya ganda hupasuka, sehemu ya mafuta hutoka na kukusanywa kwa matumizi ya viwandani, na ganda hubaki kavu na la kuvunjika kirahisi. Dakika hizo ni chache kwa makusudi. Zikizidi, kiini huungua na mafuta huanza kupenya. Zikipungua, ganda hubaki na ubishi. Korosho zikitoka hapo zinakuwa zimelowa mafuta kwa nje, kwa hiyo huchujwa na kuviringishwa kwenye majivu au unga wa mbao ili uyanyonye kabla mtu hajazigusa.

Naomba mkaguzi asimame hasa kwenye meza ya kubangulia. Mbanguaji mmoja huweka korosho kati ya visu, hukanyaga pedali, ganda hufunguka, na kwa kisu kidogo au msumari uliopinda hukitoa kiini. Kila ganda linapofunguka linaacha mafuta kidogo kwenye visu, kwenye meza, kwenye vidole. Baada ya muda meza yote huwa inang'aa. Kiini kinachoanguka juu ya meza hiyo kinaokota mafuta. Na hapo ndipo utando mwekundu unapofanya kazi yake: kama kiini ni kizima na utando wake haujachanika, mafuta yataishia juu ya utando, na utando utaondolewa mbele ya safari. Kama kiini kimevunjika au utando umechunika, mafuta yameshafika kwenye kile tunachokula.

Na yakifika, hayaoshwi. Karibu nusu ya kiini cha korosho ni mafuta ya chakula, na mafuta ya ganda huyeyuka ndani ya mafuta wala hayayeyuki kwenye maji. Nimeona watu wakiloweka viini vyenye madoa kwenye maji ya chumvi usiku kucha wakiamini vitasafika. Maji hubadilika rangi kidogo, mtu akaridhika, na doa limebaki palepale. Kiini chenye doa la mafuta ya ganda kitupwe.

Viini vilivyobanguliwa huingia kwenye tanuri la nyuzi 70 hivi kwa saa sita hadi nane. Unyevu hushuka, utando hukauka na kuanza kubambuka, kisha humenywa kwa mkono au kwa upepo wa mashine. Mkaguzi aangalie jambo moja dogo hapa: je, anayemenya ndiye aliyekuwa anabangua asubuhi? Amebadilisha glavu? Amevaa aproni ileile? Chumba cha kumenyea kinaweza kuwa safi kuliko hospitali, lakini kama mikono iliyoingia imetoka kwenye meza ya kubangulia, utando umeondolewa bure. Kwenye kazi yangu, hili ndilo lililokuwa chanzo cha madoa mengi kuliko ubovu wa mashine.

Mwisho ni uchambuzi, kwenye meza yenye mwanga mzuri. Kiini safi ni cheupe cha maziwa au cha rangi ya majani makavu yaliyofifia. Kilichoungua kwa joto peke yake kina kahawia iliyosambaa sawasawa. Kilichoguswa na mafuta ya ganda kina doa lenye ukingo, jeusi au kahawia iliyokoza, linalong'aa ukiligeuza kwenye mwanga, na mara nyingi liko kwenye kovu la kisu au kwenye mwanya unaogawa kiini sehemu mbili. Vipande vya ganda vinavyojificha ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu kijiganda kidogo kilichokauka kinafanana na utando. Tofauti ni unene na ugumu: utando unavunjika ukiusugua kwa kucha, ganda halivunjiki. Pakiti za vipande vilivyovunjika, zile za bei ya chini, ndizo zinazohitaji macho zaidi, kwa kuwa huko ndiko vipande vya kila aina hukusanyika.

Korosho zinazouzwa zikiwa nyeupe, zisizokaangwa, ambazo mlaji huziita mbichi, zimepita kwenye hatua hizi hizi za joto na kumenywa. Hili lisemwe wazi kwenye maelekezo yenu, kwa sababu mtu aliyezoea kuzila hivyo anaweza kupewa korosho ya ganda, akadhani ni kitu kilekile kilichofunikwa, akaipasua kwa meno. Meno ndiyo njia mbaya kuliko zote. Ganda likipasuka mdomoni, mafuta hurukia midomo, ulimi na ufizi kwa pamoja.

Sasa niseme kuhusu kikaango cha nyumbani, maana najua wengi watauliza. Korosho za maganda zikipata moto wa kutosha juu ya bati au kikaango, mafuta hutoka kwa kurusha matone na kufoka, kisha hushika moto. Miale hupanda ghafla. Wenye uzoefu hufanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni, wakiwa na fimbo ndefu, na mafuta yakishaungua huzima moto na kufukia korosho kwenye majivu au mchanga ili mabaki yanyonywe. Halafu huvunja ganda moja moja kwa kupiga ukingoni, si katikati. Ni ujuzi, na watu wameuishi. Lakini haufundishwi kwa sentensi moja kwenye kipeperushi. Na moshi wake hubeba ukali wa mafuta yenyewe: macho hufura, koo hukwaruza, mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya, na mtoto aliyesimama upande wa upepo anaweza kuamka kesho na uso uliovimba bila kugusa korosho hata moja. Jikoni ndani ya nyumba, kwenye oveni au kwenye sufuria ya kuchemshia, si mahali pake hata kidogo. Sufuria iliyochemshia korosho za maganda inabaki na utelezi wa mafuta ambayo yatahamia kwenye chakula kinachofuata.

Kwa mtu aliyekwisha rukiwa na mafuta, maelekezo yenu mengi husema "osha kwa maji." Maji matupu huyasambaza tu. Kwanza ayafute kwa kitambaa kikavu au karatasi, kwa kubandika na kuinua, bila kusugua. Kisha sabuni na maji mengi, mara kadhaa, pamoja na chini ya kucha. Nguo zilizoguswa zifuliwe peke yake. Yakiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi bila kusimama, kisha hospitali. Aliyemeza kipande cha ganda asilazimishwe kutapika, kwa kuwa kitamuunguza tena kikipanda.

Nina neno moja pia kuhusu mzio wa kiini chenyewe, ule wa ghafla unaoweza kuua. Huo unatokana na protini za kiini, na hakuna hatua yoyote niliyoeleza hapo juu inayouondoa. Korosho iliyoandaliwa kwa ukamilifu bado ni hatari kwa mtu huyo. Msiandike kamwe kwamba korosho ikiandaliwa vizuri ni salama kwa kila mtu.

Ninachowaomba, basi, ni hiki. Ifuteni ile sentensi ya "zikaangwe vizuri", na mahali pake mwambieni mtu ambaye hana ujuzi wala vifaa asizibangue kabisa. Azipeleke kwa mbanguaji au anunue zilizobanguliwa. Magunia na pakiti za korosho za maganda zinazofika kwa watu wasiozijua, ziwe za mbegu, za mapambo au za zawadi, ziandikwe kwa herufi kubwa kwamba ganda lina mafuta yanayounguza na lisipasuliwe kwa meno wala kuchomwa ndani ya nyumba.

Kwa wabanguaji, leseni isitolewe kwa kuangalia boila na tanuri tu. Aulizwe mwenye kiwanda glavu zinabadilishwa mara ngapi kwa zamu, meza ya kubangulia inafutwa lini na kwa nini, viini vilivyochunika utando vinaenda kwenye ndoo ipi, na anayemenya anapita wapi kabla ya kuingia chumba chake. Mkaguzi achukue kilo moja ya vipande vilivyovunjika, aimwage kwenye trei nyeupe chini ya taa, na aichambue mwenyewe mpaka iishe. Akikuta ganda, asimamishe shehena hiyo nzima, arudi nyuma hadi kwenye meza ilikotoka.

Na mikono ya wabanguaji iingie kwenye fomu ya ukaguzi. Mbanguaji ambaye vidole vyake vimebambuka na kuwa vyeusi anawaambia kwamba mafuta yanazagaa kwenye meza yake, na mafuta yanayomfikia yeye yanavifikia viini pia. Wengi wao hupaka mafuta ya nazi au ya mbarika kisha majivu kwa sababu glavu hazipo, au zipo lakini zinapunguza kasi, na wanalipwa kwa uzito wa viini walivyotoa. Kama malipo ni kwa uzito tu, atavua glavu. Wekeni kwenye masharti ya leseni kwamba kiini kizima chenye utando kilipwe zaidi ya kilichovunjika, na kwamba glavu zinunuliwe na mwenye kiwanda. Fomu ya sasa ina mistari ya paa, sakafu na choo. Naomba iongezwe mstari wa mikono kabla ya msimu ujao wa ubanguaji.

Nawasilisha kwa heshima,

Aliyekuwa mbanguaji na msimamizi wa uchambuzi